Mabaka ya Kuwasha: Tazama Saa Kabla ya Kulaumu Chakula

Tumchukue fundi cherehani mmoja wa Tanga awe mfano wetu, maana watu wa namna yake wanafika zahanati kila siku. Jioni amekwenda harusini. Saa mbili usiku amekula wali wa nazi na kamba wa kukaanga. Saa nne amerudi nyumbani, mgongo unamuuma kwa kuinamia mashine mchana kutwa, akameza kidonge cha diklofenaki na kulala. Saa saba usiku anaamka anajikuna. Mapaja, tumbo na mgongo vimejaa mabaka yaliyoinuka, mengine madogo kama ya kuumwa na mbu, mengine yameungana hadi yakawa mapana kuliko kiganja. Asubuhi kila mtu nyumbani ana hukumu yake. Mkewe anasema ni wale kamba. Mama mkwe anasema damu imechafuka, atafutiwe dawa ya kuisafisha. Jirani ameleta mafuta ya nazi.

Kabla hajafika popote, saa tatu asubuhi, mabaka mengi yamekwisha kupotea bila kuacha alama, huku mengine mapya yakitokea mikononi ambako usiku hakukuwa na kitu. Akifika kwa daktari hana cha kuonyesha, na hapo ndipo wagonjwa wengi huona aibu kana kwamba wamesema uongo. Kumbe huko kupotea ndiko kunakoutambulisha ugonjwa. Baka moja la mzio wa aina hii, ambao waganga wa hospitali huuita urtikaria, halikai mahali pamoja zaidi ya saa ishirini na nne. Chukua kalamu, chora duara kulizunguka, andika saa. Kesho yake duara litakuwa tupu, hata kama mabaka mengine yamejitokeza pembeni yake. Kama baka limebaki palepale siku mbili, linauma kuliko linavyowasha, au limeacha weusi kama wa kugongwa, basi hilo ni jambo jingine. Huenda mishipa midogo ya damu imevimba, na hapo daktari anahitajika, si kidonge cha dukani.

Vitabu vingi vinasema mabaka haya ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Baka huwa na rangi ya ngozi yenyewe au hukolea kidogo tu. Kwa hiyo pitisha kiganja juu ya ngozi na utausikia mwinuko wake, au mwangaze mgonjwa kwa tochi ya simu kutoka ubavuni ili vivuli vijitokeze. Mpige picha pia. Picha ya saa saba usiku inamsaidia daktari wa saa nne asubuhi kuliko maelezo marefu.

Kinachotokea chini ya ngozi si damu kuchafuka. Humo kuna seli ziitwazo seli za masti, ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878. Zimekaa karibu na mishipa midogo ya damu, zimebeba chembechembe zilizojaa kemikali, na mojawapo ya kemikali hizo ni histamini. Seli hizo zikichokozwa humwaga histamini, nayo huilegeza mishipa midogo ikavujisha maji kwenye ngozi. Maji hayo ndiyo mwinuko tunaouona. Histamini hiyohiyo huamsha neva za mwasho. Baada ya saa kadhaa maji hurudi yalikotoka na ngozi inakuwa laini tena. Jambo hilohilo likitokea chini zaidi, kwenye tabaka la ndani, huleta uvimbe wa midomo au kope ambao unaweza kudumu siku mbili au tatu.

Swali la fundi wetu basi ni nani aliyezichokoza seli hizo, na hapa ndipo saa inapokuwa shahidi. Mzio wa kweli wa chakula huja haraka. Karanga, yai, maziwa, samaki au kamba, kama ndiyo chanzo, kwa kawaida huleta mabaka ndani ya dakika chache hadi saa mbili tangu kuliwa. Fundi alikula saa mbili na kuamka saa saba, yaani saa tano baadaye. Zaidi ya hapo, amekula kamba tangu utotoni na tangu siku ile ameshakula tena bila shida. Kamba wana ushahidi wa kujitetea. Diklofenaki ilimezwa saa nne, saa tatu kabla ya mwasho, na dawa za jamii yake zinaweza kuleta mabaka ndani ya dakika au baada ya saa kadhaa.

Wiki mbili baadaye hukumu ikajiandika yenyewe. Kichwa kilimuuma, akanunua ibuprofeni, dawa tofauti kabisa kwa jina na rangi. Saa mbili hazijaisha, mabaka yakarudi, na safari hii mdomo wa juu ukavimba. Hakukuwa na kamba wala harusi.

Inashangaza kwamba dawa mbili tofauti zilileta jambo moja, lakini sababu yake inaeleweka. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zote hutuliza maumivu kwa kuzuia kimeng'enya kilekile. Kwa baadhi ya watu kimeng'enya hicho ndicho pia kinachosaidia kuzitengeneza kemikali zinazozituliza seli za masti. Ukikizuia, seli zinakosa wa kuzishika mkono. Kwa hiyo mtu wa namna hii hana mzio wa kidonge kimoja. Ana tatizo na ukoo mzima wa dawa za maumivu. Kumwambia "acha diklofenaki, tumia ibuprofeni" ni kumrudisha alikotoka. Wengi wao huvumilia parasetamoli katika dozi ya kawaida, na hiyo ndiyo hushauriwa kwanza, lakini baada ya tukio kama hili daktari ndiye aseme ipi ni salama.

Si kila mara chanzo hupatikana hivi. Kwa watoto, chanzo kikubwa cha mabaka ya ghafla si chakula wala dawa, bali ni maambukizo ya virusi: mafua, koo, homa ndogo. Hapo hutokea mkanganyiko ambao umewatia watu wengi kifungo cha maisha. Mtoto ana homa ya virusi, anapewa amoksilini asiyoihitaji, siku ya nne mabaka yanatokea, na kwenye kadi yake inaandikwa "mzio wa penisilini". Mtu huyo anakua, anazaa, anazeeka, na hapewi tena dawa za jamii hiyo hata pale ambapo ndizo bora. Watu walioandikwa hivyo wakipimwa kwa utaratibu hospitalini, karibu tisa kati ya kumi huonekana kuwa wanaweza kuzitumia bila madhara. Hii haimaanishi ujijaribu mwenyewe nyumbani. Inamaanisha kwamba neno lile kwenye kadi linastahili kuulizwa: ilikuwa dawa gani, siku ya ngapi, na mtoto alikuwa na homa kabla?

Wako pia ambao ngozi yao huchokozwa na mambo ya kawaida tu: mkanda wa suruali unaobana, kamba ya mkoba begani, maji baridi, au jasho la kupanda ngazi mchana. Wengine ukiwakwaruza mgongoni kwa ukucha, mstari unainuka ndani ya dakika chache kana kwamba umeandikwa. Hawa hawana haja ya kuacha chakula chochote.

Pwani yetu ina jambo la ziada ambalo linadanganya hata wahudumu wazoefu. Jodari, vibua na ndugu zao wa damu nyingi wakiachwa juani au kwenye kapu bila barafu ya kutosha, bakteria huibadilisha sehemu ya nyama yao kuwa histamini. Mtu akila samaki huyo, histamini haitoki kwenye seli zake, inaingia kutoka kwenye sahani. Ndani ya dakika kumi hadi saa moja uso unakuwa wa moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, ngozi inawasha na wengine hutapika au kuharisha. Kukaanga hakuiondoi histamini hiyo, wala kuchemsha, wala kumgandisha samaki baada ya kuharibika, na huenda asinuke vibaya hata kidogo. Njia nzuri ya kutofautisha ni kuhesabu walioumwa. Mzio humshika mmoja kati ya wote waliokula sinia moja. Samaki aliyeharibika huwashika watatu au wanne pamoja. Aliyeumwa kwa njia hii si lazima aache jodari maisha yake yote. Anapaswa kubadilisha muuzaji.

Na upupu? Wale waliomwagiwa upupu shuleni watakumbuka kwamba mwasho wake ni wa aina yake. Vinywele vya mmea huo vina kimeng'enya kinachoamsha neva za mwasho kwa njia nyingine, bila kupitia histamini, ndiyo maana kidonge cha mzio hakiusaidii sana.

Tuje kwenye kidonge chenyewe. Dawa za mzio, yaani antihistamini, haziifuti histamini iliyokwisha kumwagika. Zinakaa mahali pake: histamini ikija inakuta kiti kimekaliwa. Kutokana na hilo mambo mawili yanaeleweka. La kwanza, kidonge kinahitaji muda, kama saa moja hivi, na baka lililokwisha kuvimba halitanywea mara moja. La pili, mtu ambaye mabaka yanamrudia kila siku anafaidika zaidi akimeza dawa kila siku kwa saa ileile kuliko akisubiri mwasho uanze, kwa sababu kiti kilichokaliwa mapema ndicho kinachozuia.

Dukani utakutana na makundi mawili. Kundi la zamani linaongozwa na klorfeniramini, ambayo wengi wanaiita piritoni bila kujali imetengenezwa wapi. Mtu mzima humeza miligramu 4 kila baada ya saa nne hadi sita, asizidishe miligramu 24 kwa siku. Inafanya kazi, lakini inaingia kwenye ubongo na kuleta usingizi, na usingizi huo hauishi wote asubuhi. Mtu anaweza kujiona yuko macho huku mikono na macho yake vikichelewa. Dereva wa bodaboda, fundi wa msumeno wa umeme au mama anayekaanga kwenye mafuta ya moto hapaswi kuitumia akiwa kazini, na ikichanganywa na pombe inakuwa hatari. Wazee nao huwachanganya akili na kuwazuia mkojo.

Kundi jipya lina setirizini na loratadini. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 10 mara moja kwa siku, na usingizi wake ni mdogo zaidi, ingawa setirizini huwasinziza baadhi ya watu, kwa hiyo dozi ya kwanza imezwe usiku. Kwa maoni yangu hakuna sababu nzuri ya kuanza na piritoni siku hizi pale ambapo setirizini ipo, maana tofauti ya bei si kubwa na mtu anaendelea na kazi yake. Mtoto hupimiwa kwa umri na uzito, kwa sharubati na kipimo chake, si kwa kuvunja kidonge cha baba. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa figo au ini aulize kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe kabisa promethazini, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua.

Kosa linaloonekana sana kwenye maduka ni la sindano na predinisoloni. Mgonjwa anataka apone leo, muuzaji anataka asifiwe, basi anachomwa dawa ya steroidi na kupewa vidonge vya wiki mbili. Mabaka yanatulia kweli. Yakirudi anarudi kununua, na baada ya miezi shinikizo la damu limepanda, sukari imevurugika na mifupa imepungua nguvu. Predinisoloni ina nafasi yake kwa siku chache, mabaka yakiwa makali, na kwa amri ya daktari. Si dawa ya kukaa nayo kabatini. Krimu za steroidi nazo hazisaidii, kwa sababu baka la leo kesho limehama. Kitambaa kilichoroweshwa maji ya kawaida au losheni ya kalamini hupoza mwasho bila gharama kubwa, na mafuta ya nazi ya jirani hayana ubaya, ila hayatibu.

Mabaka mengi ya ghafla huisha ndani ya siku au wiki chache. Yakiendelea kuja na kuondoka kwa zaidi ya wiki sita, yanahesabiwa kuwa ya kudumu, na hapo sababu mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe kuzichokoza seli za masti. Mtu wa namna hiyo huwa ameshaacha nyama, mayai, samaki, maharage na nyanya, amekonda, na bado anawashwa. Chakula si kesi yake. Daktari anaweza kumpandishia dozi ya setirizini hadi mara nne ya kawaida, jambo ambalo hapaswi kulifanya peke yake, na kwa wengi ugonjwa hukoma wenyewe baada ya mwaka au miaka kadhaa.

Yote hayo yanahusu ngozi, na ngozi peke yake haiui. Hatari huanza pale ambapo mabaka hayakuja peke yake. Chukua mrina asali aliyechomwa na nyuki shingoni. Dakika kumi baadaye mabaka yameenea mwili mzima. Kisha anakohoa, sauti yake imekwaruza, anasema koo linabana, anatapika, anaona giza akisimama. Hapa histamini na wenzake wamemwagika mwili mzima: njia ya hewa inavimba, mishipa yote inalegea na shinikizo la damu linaporomoka. Hali hii huitwa anafilaksia. Jina hilo lilitolewa na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier mwaka 1902, na utafiti huo ulimpatia Richet Tuzo ya Nobeli mwaka 1913.

Kwa hiyo ukimwona mtu mwenye mabaka, usiyahesabu mabaka. Msikilize anavyopumua: je, anapiga filimbi kifuani, sauti imebadilika, anashindwa kumeza mate? Tazama ulimi wake. Muulize kama ana kizunguzungu. Angalia kama anatapika mfululizo au tumbo linamsokota. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Yeye hulegea ghafla, hupauka midomo au hulala kusiko kwa kawaida. Moja kati ya dalili hizi ikiungana na mabaka, hasa baada ya kuchomwa na mdudu, kudungwa sindano, kumeza dawa au kula, hiyo ni dharura. Na baadhi ya wagonjwa hawapati mabaka kabisa, kwa hiyo kukosekana kwake kusikutulize.

Dawa ya hali hii ni moja, adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, na ikibidi hurudiwa baada ya dakika tano. Piritoni, setirizini na hata haidrokotisoni ya mshipani hazifungui koo kwa wakati wala hazinyanyui shinikizo la damu, zinafuata baadaye. Usikae nyumbani ukisubiri kidonge kifanye kazi.

Njiani mlaze chali, miguu iinuliwe. Kama pumzi inamsumbua aachwe akae, na mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala asitembezwe hadi barabarani, kwa sababu shinikizo likiwa limeshuka, kunyanyuka ghafla kunaweza kuusimamisha moyo. Ndiyo maana bodaboda, iliyo karibu na kila mtu, ni usafiri mbaya kwa mgonjwa huyu. Bajaji au gari ambamo anaweza kulala ni bora hata kama itachukua dakika chache zaidi kuipata. Mwiba wa nyuki ung'olewe upesi kwa njia yoyote. Akipata nafuu kituoni asikimbilie kurudi nyumbani, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata bila kuguswa tena na kilichomdhuru.

Kuna uvimbe mmoja unaopaswa kutajwa peke yake. Mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu kama kaptopurili, enalapurili au lisinopurili anaweza kuvimba midomo au ulimi, bila mabaka wala mwasho, hata baada ya miezi au miaka ya kuzitumia salama. Jambo hili huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Antihistamini haziusaidii uvimbe huo. Anayeupata aende hospitali mara moja akiwa na pakiti ya dawa zake, na dawa hiyo ibadilishwe.

Fundi wetu alitoka kwa daktari na karatasi ndogo iliyoandikwa majina matatu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, na kilichompata alipozitumia. Nawe kama uliwahi kupata mabaka baada ya dawa, andika jina lake, saa uliyomeza na saa mabaka yalipoanza, uiweke karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chako, na uionyeshe kila unapokwenda kununua au kuchomwa dawa. Na siku ukimpeleka mtu anayebanwa pumzi, usianze na historia ndefu pale mapokezi. Sema kitu kimoja: "Amechomwa na nyuki dakika ishirini zilizopita, ana mabaka na hapumui vizuri, anahitaji adrenalini."